Barua kwa Dada kutoka Kituo cha Majeruhi, Masaka

Masaka, Uganda
19 Machi 1979

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata juzi kwa dereva wa lori la unga. Imelowa pembeni lakini inasomeka.

Nianze na ulichouliza. Shemeji sijamwona. Tangu tuvuke Mutukula mwezi Januari, kila usiku napitia daftari la mapokezi na jina lake halimo, wala halimo kwenye orodha ya waliorudishwa Bukoba. Kijana mmoja wa kikosi chake, aliyekuja na jeraha la bega, anasema alimwacha Lukaya anachimba handaki na kulalamikia mvua. Shika hilo kwa sasa, zaidi ya hapo sina.

Tumewekwa kwenye shule ya msingi nje ya mji. Mji wenyewe mizinga imeuvunjavunja, huwezi kuamini watu walikuwa wanauza vitambaa pale. Madawati tumeyaunganisha yakawa vitanda, na yalipokwisha tukatandika majani ya migomba sakafuni, juu yake maturubai. Darasa moja ni la upasuaji, na hesabu za kugawanya bado ziko ubaoni. Hakuna aliyepata nafasi ya kuzifuta.

Walibya walipotushambulia Lukaya tarehe 10, vijana wetu walirudi nyuma kwanza, kesho yake wakawapiga. Redio imekwisha kuwaambia hayo. Isichosema ni kwamba ile barabara inapita katikati ya kinamasi, kwa hiyo majeruhi waliletwa na matope hadi masikioni. Inabidi umwoshe mtu kwanza ndipo uone ameumia wapi. Walishushwa kwenye malori na kwenye basi la abiria lililochukuliwa kwa kazi ya vita, bado lina maandishi ya njia yake ya kwetu. Veranda ikajaa, uwanja ukajaa, mvua inanyesha.

Kazi yangu usiku ule ilikuwa kuchagua. Daktari alisema: Zuhura, simama mlangoni. Anayevuja damu nyingi na anaweza kupona, ndani. Aliyevunjika mkono, asubiri. Aliye kama hatapona, mpe mofini, umwandike M kwenye paji la uso ili mwingine asimrudie sindano, kisha mlaze upande wa maktaba. Wenye majeraha ya tumbo ndio walionitesa. Wanalilia maji, na ukiwapa unawaua. Nilikuwa nachovya gozi kwenye kikombe, nawapaka midomoni. Mmoja aliling'ang'ania kwa meno, nikamwachia.

Ukiingia leo utashangaa vidonda tumeviacha wazi, havijashonwa. Usidhani ni uzembe. Cha risasi au kipande cha bomu ukikishona siku ile ile unafungia uchafu ndani. Tunakata nyama iliyokufa, tunajaza gozi, tunampa sindano ya pepopunda na penisilini, kisha siku ya nne au ya tano, kikiwa safi, ndipo kinashonwa. Damu tunawatoa madereva na wapishi. Wapishi ndio wanaokubali upesi kuliko wote.

Wala si risasi tu, dada. Malaria inatujazia darasa zima, na malori yanayopinduka kwenye utelezi yanatuletea watu kama mizinga inavyoleta. Wapo na raia wa hapa, akina mama na watoto waliokanyaga vitu vilivyoachwa mashambani. Hao tunawapokea kama wengine, ingawa kuna afande mmoja ananung'unika kwamba dawa ni za jeshi. Mwache anung'unike.

Tuna mateka Mlibya aliyekatwa mguu, kijana kabisa. Usiku homa ikipanda anasoma Yasini. Jirani yake ni mgambo kutoka Tabora, naye kapoteza jicho siku ile ile kule kule. Mwanzoni alitaka ahamishwe. Sasa yule akikwama kwenye aya, huyu anamtajia, kisha anamgeuzia mgongo.

Tunaishi kwa ugali, maharage na matoke ya hapa. Miguu imenivimba, nimeazima viatu vya kiume. Mama mwambie nakula vizuri na niko mbali na mapigano, jambo ambalo wiki hii ni kweli. Habari za maktaba usimsomee.

Ukimpata mtu wa kuja Bukoba, nitumie pini za kufungia bendeji, sabuni za mche, na kanga kuukuu zozote ulizonazo. Usinunue mpya, kuukuu zilizofuliwa sana ndizo zinazofyonza. Na picha ya shemeji ya hivi karibuni, kama ipo. Picha niliyonayo ni ya harusi, na watu wakishakaa huku ndevu zimeota na wamekonda, si rahisi kuwatambua.

Dereva anapiga honi, anataka kuwahi Kyaka kabla ya giza. Wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Zuhura