Onyo kwa Baba Neema, na njia ya kurudi kundini

Dodoma, Jumatatu 6 Novemba 2023

Mpendwa Baba Neema,

Mbukwenyi, wewe na nyumba yako yote. Bwana Yesu asifiwe.

Barua hii inachukua nafasi ya ile uliyoletewa mwezi Septemba, ambayo ilisomwa ibadani kabla haijakufikia mkononi. Baraza la wazee lilikaa Jumamosi tarehe 4 na kuiondoa kwenye jalada. Neno "mwizi", neno "Yuda", na ile sentensi kwamba kanisa halitazika mtu yeyote wa nyumba yako, yote hayo hayana nguvu tena, wala hayatasomwa popote. Hii ya sasa nimeiandika mwenyewe, wazee wakaisikiliza neno kwa neno, na nimeileta kwa mkono wangu ikiwa imefungwa. Isome peke yako kwanza, halafu umsomee Mama Neema.

Lakini, ndugu yangu, kilichoondolewa ni matusi. Kosa lipo palepale. Nitalitaja waziwazi, kwa sababu nikilifunika nitakuwa nimekuacha nalo.

Kwenye sikukuu ya mavuno ya mwezi Julai mtama, karanga, alizeti na mbuzi wa sadaka vilinadiwa, na fedha taslimu iliyokabidhiwa kwako ukiwa mhazini wa kamati ya ujenzi ilikuwa shilingi 2,340,000. Ilikuwa ya mabati ya kanisa la mtaa. Benki zilifika 700,000. Zilizobaki, 1,640,000, ulizinunulia alizeti ukitumaini kuiuza bei ikipanda na kurudisha fedha kabla mtu hajauliza. Bei haikupanda. Mwaka huu alizeti imewaangusha wakulima wengi wa Dodoma na Singida, na najua hukupanga kula fedha ya Mungu. Hata hivyo haikuwa fedha yako ya kufanyia biashara, hata kwa siku moja, hata kama ungepata faida ukaileta yote madhabahuni.

Hilo ni la kwanza, na niseme ukweli, si ndilo lililoniumiza zaidi.

La pili ni kwamba ulipoulizwa mbele ya kamati, ulisema bahasha ulimwachia katibu. Ukalirudia neno hilo kwenye jumuiya, na baadaye mnadani, mbele ya watu wasiosali na sisi. Yule binti hakuwahi kuishika bahasha hiyo. Daftari la makabidhiano lina sahihi yako peke yako. Unajua kwamba posa yake ilikuwa imeshaletwa, na unajua kwamba wazazi wa kijana wameomba "kungoja kidogo". Fedha ikipotea hutafutwa nyingine. Jina la binti likichafuka kwenye mji kama huu, kila mtu anakuwa na lake la kuongeza, na mwenye jina hana pa kwenda kujieleza. Amekuja kanisani kila Jumapili tangu siku hiyo, amekaa benchi la nyuma, na kwenye kwaya haimbi tena.

La tatu limetokana na hayo mawili. Vijana waliokuwa wakijitolea kufyatua matofali wameacha. Wapo waliosema hadharani kwamba kama mzee wa kanisa anafanya hivi, sadaka zao watazila wenyewe. Wewe ndiye uliyewafundisha wengi wao katekisimu. Walikutazama wewe kabla hawajanitazama mimi, na kwa hiyo wameanguka kutoka juu zaidi.

Hayo ndiyo makosa, sina mengine. Yaliyosemwa kwenye kundi la Watsapu la usharika kuhusu shamba lako, ndoa yako na ndugu zako si sehemu ya shauri hili. Nimewaagiza viongozi wa jumuiya wayakomeshe, na atakayeendelea nitamwita kama ninavyokuita wewe.

Sasa nisikilize kuhusu adhabu, maana ile barua ya kwanza ilichanganya mambo.

Huendelei na utumishi wa uzee wa kanisa kwa sasa, na hutashika fedha ya usharika. Kuhusu fedha nisikufiche: hata ukirudi, sitarajii kukurudishia daftari. Si kisasi. Mtu aliyevunjika mguu hapelekwi kubeba gunia lilelile, na nadhani wewe mwenyewe utalala vizuri zaidi bila funguo za sanduku. Meza ya Bwana utaisubiri mpaka tutakapokuwa tumezungumza na umetubu mbele ya baraza. Basi, zimeishia hapo.

Ibadani unakuja, na unakaa unapokaa siku zote. Jumuiya inakuja kwako zamu yako ikifika, kama ilivyo kwenye ratiba. Mama Neema anaendelea na umoja wa wanawake, hana shauri lolote. Msiba ukitokea nyumbani kwako, Mungu aepushe, nitakuja na joho langu na wazee watakuja na jembe. Na Neema atapokea kipaimara Jumapili tarehe 26 pamoja na wenzake. Nasikia mtoto amekuwa akiuliza kama jina lake limefutwa. Halijafutwa, wala halikuwahi kufutwa, na baba yake natamani awepo siku hiyo, mbele, kwenye benchi la wazazi. Mtoto hatungojei deni la baba.

Paulo aliwaandikia Wathesalonike kuhusu mtu asiyetii, akasema wasimhesabu kuwa adui bali wamwonye kama ndugu. Nimeisoma sura hiyo ya tatu mara nyingi mwezi huu. Na Bwana mwenyewe, katika Mathayo 18, ameweka utaratibu: kwanza uende wewe na yeye peke yenu, kisha wawili au watatu, na kanisa ndiyo hatua ya mwisho. Kwako tulianzia mwisho. Baraza limekubali kurudi mwanzo, kwa hiyo hesabu ziara yangu ya leo kuwa hatua ya kwanza.

Ninachokuomba ufanye ni hiki.

Njoo useme ukweli. Baraza litakaa Jumamosi tarehe 18, saa tisa alasiri, ofisini, wazee watano tu na mimi. Chagua mtu mmoja unayemwamini aje nawe, hata shemeji yako wa Mvumi kama utapenda. Hutasimamishwa, utakaa kitini kama sisi. Utaeleza kwa maneno yako fedha ilikwenda wapi na kwamba katibu hakuhusika. Hatutakuuliza lolote nje ya hayo.

Halafu ulisafishe jina la yule binti palepale ulipolichafua. Hapa sitakupunguzia hata kidogo. Utakwenda nyumbani kwa wazazi wake pamoja na wazee wawili, na utalisema kwao. Utalisema kwenye jumuiya. Na kwa wazazi wa kijana tutakwenda mimi na wewe, kwa sababu huko neno la mchungaji bila la kwako halitatosha. Kama baba wa binti atakujibu kwa ukali, nyamaza usikilize, ana haki. Na yule binti hatutamlazimisha kukupa mkono siku hiyo. Akihitaji miezi, atapewa miezi. Msamaha wa Mungu hausubiri wa kwake, lakini wa kwake hatutauvuta kwa kamba ili tu shauri liishe haraka.

Kuhusu fedha: Mama Neema alileta 150,000 mwezi uliopita akamkabidhi mhazini wa usharika. Nimeona stakabadhi, imeandikwa kwa jina lako, na nimeliona hilo kuwa ni mwanzo mwema. Zimebaki 1,490,000. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini alijitolea mwenyewe bila kudaiwa. Sisi tunadai kilichopotea, bila riba wala faini. Pendekezo la baraza ni ulete 490,000 baada ya kuvuna zabibu, kufikia mwisho wa Machi, na 1,000,000 baada ya mavuno ya 2024. Kama unaona haliwezekani, njoo na la kwako na tutalijadili. Ila nakusihi, usiuze maksai. Mvua zinakaribia, na usipolima mwaka huu utakuwa umewaadhibu watoto kwa ajili yako, na deni pia halitalipika. Hiyo alizeti iliyobaki stoo, ipeleke ikamuliwe. Mzee mmoja wa baraza ana nafasi kwenye mashine na amesema atakukamulia kwa zamu yake.

Ukishatimiza mawili ya kwanza, hata kama deni bado linalipwa, utarudi kundini. Sitaki ungojee ukiwaza kwamba siku hiyo kutakuwa na hotuba juu yako. Tangazo litakalosomwa ni hili, na hakuna neno litakaloongezwa:

"Ndugu yetu Baba Neema amezungumza na baraza la wazee kuhusu fedha za mavuno, ameeleza ukweli, na anarudisha fedha hizo kwa utaratibu uliokubaliwa. Amethibitisha kwamba katibu wa kamati ya ujenzi hakushika fedha hizo wakati wowote na hana kosa lolote. Baraza linamrudisha kundini kwa furaha, na linawaomba washarika wote wampokee na waache kulizungumza jambo hili."

Ukiona lipo neno lisilo la kweli, niambie kabla.

Najua una hasira na ile barua ya kwanza, na najua kuna kanisa jipya barabara ya Iringa ambako wamekualika, wala hawatakuuliza habari za daftari. Sitakuzuia, sina mamlaka hayo. Ila binti yule atabaki hapa na jina lake vilevile, na wale vijana watabaki hapa, na wewe ndiye pekee unayeweza kuwaambia kwamba mzee wa kanisa akianguka anaweza kusimama mbele yao na kusema kweli. Mimi siwezi kulisema hilo badala yako. Sauti yako ya besi pia tunaikosa, na siandiki hivyo kukufurahisha: wimbo wa mwisho Jumapili ulizimika katikati.

Kama hutaki kusubiri mpaka tarehe 18, Alhamisi hii jioni nitakuwa nyumbani kwangu, sina kikao. Njoo baada ya saa kumi na mbili. Na kama ni vigumu kuja, piga simu au mtume Neema, nami nitakuja kwako. Ikifika tarehe 18 bila neno lolote, wazee wawili watakuja kukutembelea, kwa mujibu wa hatua ya pili, nao pia watakuja kwa upole.

Wako katika Kristo,

Mchungaji wa usharika

Nakala moja tu ipo, kwenye jalada la baraza. Haitasomwa ibadani wala kwenye jumuiya. Ile ya Septemba, kama bado unayo, nirudishie niichane.