Kumbusho: ombi la kotesheni ya bati za msauzi, Kihonda Morogoro (mwisho Ijumaa 23 Januari, saa 10:00 jioni)

Jumanne, 20 Januari 2026

Ndugu Meneja wa Mauzo,

Habari za kazi, na poleni na majukumu ya mwanzo wa mwaka.

Ijumaa ya tarehe 9 Januari tuliwatumia ombi la kotesheni ya bati, kofia na skrubu kwa jengo la madarasa mawili na ofisi hapa Kihonda. Tuliomba jibu hadi Alhamisi tarehe 15. Jumatatu katikati yake ilikuwa sikukuu ya Mapinduzi, kwa hiyo tukawapa siku chache zaidi, lakini mpaka leo hatujapata neno. Huenda barua ile haikuwafikia. Ilibeba michoro miwili mizito, na barua za namna hiyo mara nyingi huishia kwenye kapu la taka bila mtu kuziona. Safari hii hakuna kiambatisho. Kila mnachohitaji ili kupiga bei kipo chini ya sahihi yangu.

Bado tungependa kupata bei yenu. Tunaomba itufikie kabla ya Ijumaa, 23 Januari 2026, saa 10:00 jioni, kwa kujibu barua hii. Muda huo hatutausogeza. Wauzaji wengine wawili wameshaleta profoma, na bei zao zinaisha nguvu tarehe 30 Januari. Jumamosi tunalinganisha, Jumatatu tarehe 26 tunatoa oda na malipo ya awali. Kotesheni itakayoingia baada ya saa 10:00 Ijumaa haitafunguliwa kwa oda hii, hata ikiwa ya bei nafuu kuliko zote.

Kama kazi hii hamuiwezi kwa sasa, mstari mmoja wa "hapana, asanteni" unatosha kabisa. Hatutawaondoa kwenye orodha yetu. Oda nyingine itakapotokea tutawauliza tena. Na kama kuna kipimo kisichoeleweka, tafadhali ulizeni kabla ya Alhamisi saa 6:00 mchana, ili nipate muda wa kumuuliza fundi mkuu na kuwarudishia jibu siku hiyohiyo.

Natanguliza shukrani.

Rehema
Ununuzi na Stoo, ofisi ya mradi
Kihonda, Morogoro
(simu ni ileile iliyokuwa kwenye ombi la tarehe 9)

---

MAELEZO YA OMBI (yanachukua nafasi ya viambatisho vya tarehe 9 Januari)

Paa lenyewe. Ni paa la pande mbili, mteremko wa nyuzi 20. Jengo lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 7.5, ukutani kwa nje. Paa linatoka nje sm 60 upande wa mifereji na sm 50 kwenye kila ncha ya jengo, kwa hiyo urefu wa kuezeka ni mita 25 kamili. Kenchi ni za mbao, papi ni mistari 6 kila upande, umbali kati yake takribani sm 93.

Bati. Msauzi, geji 28, rangi ya maruni upande wa juu. Kila bati likatwe mita 4.70, kipande kimoja kutoka kofia hadi mfereji, bila kuunga. Mteremko wenyewe ni mita 4.63, sm 7 zilizobaki ni za kuingia kwenye mfereji. Bati likija na mita 4.60, maji yatatiririka nyuma ya mfereji na kuozesha fishabodi, na kwa hiyo hatutalipokea. Tafadhali msitupigie bei ya bati za mita 3 "za kuunganisha". Hizo nazo hatutazipokea.

Idadi inategemea upana unaofunika, na hapa ndipo kotesheni nyingi hushindwa kulinganishwa. Kwa bati linalofunika mm 686, tunahitaji bati 37 kila upande, yaani 74, pamoja na 2 za akiba: jumla 76, sawa na mita 357.2. Kwa bati linalofunika mm 760, upande mmoja unakula 33, yaani 66 na 2 za akiba: jumla 68, mita 319.6. Kwa hiyo bei ya mita moja peke yake haituambii kitu. Andikeni upana unaofunika baada ya kulaliana, siyo upana wa bati zima, kisha andikeni idadi, jumla ya mita na bei ya jumla.

Unene tunauomba kwa milimita. Sokoni "geji 28" imekuwa jina zaidi kuliko kipimo. Bati mbili zenye jina hilo zinaweza kutofautiana hata kwa kuzishika mkononi. Tunachotaka ni mm 0.40, chuma pamoja na kinga yake ya alumini na zinki, kabla ya rangi. Mikromita hupima na rangi pia, kwa hiyo tuandikieni na unene wa mwisho baada ya rangi, tusije tukabishana getini. Siku ya kupokea tutachagua bati 5 bila mpangilio na kuzipima pembeni, penye mkato.

Kinga iwe AZ100 au zaidi. Kama mna AZ150, pigeni bei zote mbili kwa mistari tofauti. Mwenye jengo anaweza kuikubali tofauti hiyo akiiona kwa tarakimu. Bati zote zitoke kwenye roli moja. Maruni ya roli mbili huwa haifanani, na tofauti hiyo haionekani stoo, inaonekana bati zikishapanda juu na jua likapiga. Ndiyo maana tunanunua na zile 2 za akiba sasa hivi badala ya kuzifuata baadaye.

Kofia za juu. Vipande 12 vya mita 2.4, geji na rangi ileile. Hesabu yetu inachukua kulaliana sm 15, kwa hiyo kila kipande kinafunika mita 2.25. Kama kofia zenu ni za mita 2 au mita 3, badilisheni idadi na mwandike hivyo.

Kofia za pembeni, kwenye ncha za jengo. Vipande 8 vya mita 2.4, viwili kwa kila mteremko. Vinatosha kwa shida (mita 4.65 kwa mteremko wa 4.63), kwa hiyo visiwe vifupi hata kidogo.

Skrubu. 1,800, za kuingia kwenye mbao, zenye washa ya mpira na kichwa cha rangi ya maruni, urefu mm 65. Za mm 50 hatuzitaki: skrubu inapigwa juu ya mgongo wa bati, mgongo wenyewe una kimo cha takribani mm 36, na kinachobaki kuingia kwenye papi ni mm 14 tu. Upepo wa kwanza wa masika unazing'oa. Kama mnauza bati peke yake bila skrubu, sawa, semeni hivyo; tutazinunua hapa Morogoro.

Bei. Kwa shilingi za Tanzania. VAT ionekane kwenye mstari wake, isichanganywe ndani ya bei ya bati, na tunahitaji risiti ya EFD. Bei idumu angalau hadi Ijumaa tarehe 6 Februari. Malipo ni nusu wakati wa oda na nusu baada ya mzigo kuhesabiwa na kupimwa saiti. Kama utaratibu wenu ni tofauti, uandikeni kwenye kotesheni yenyewe. Masharti yanayotokea baada ya oda huwa tunayakataa.

Usafiri. Bei ya kufikisha mzigo saiti iwe kwenye mstari wake, ili tuweze kulinganisha na gari letu la kukodi. Barabara ya kuingia inapitika kwa Fuso, siyo kwa trela. Kona ya mwisho ni nyembamba na ina nguzo ya umeme. Kushusha ni juu yetu, vibarua wapo saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Tunaomba mzigo ufunikwe turubai hata kama jua linawaka mnapopakia. Maji yakiingia kati ya bati zilizolala pamoja hayatoki, na baada ya siku chache yanaacha madoa ambayo hakuna kuyasugua. Bati zilizofika zimelowa katikati ya bunda tunazirudisha na gari lilelile.

Tarehe. Mzigo ufike kabla ya Jumatatu, 9 Februari 2026. Kenchi zinakamilika Ijumaa tarehe 6 na mafundi wanaanza kuezeka Jumanne tarehe 10. Mbao zikikaa wazi muda mrefu kwenye jua na mvua za kushtukiza hupinda, na papi iliyopinda inaacha bati likipepea hata likipigwa skrubu zote. Andikeni siku mnazohitaji kuanzia malipo ya awali hadi gari kutoka kiwandani. Mkihitaji zaidi ya siku 12, semeni ukweli. Tutajua la kufanya, kuliko kuahidiwa siku 7 zikawa 20.

Mnaweza kupiga bei ya sehemu tu ya ombi hili, kwa mfano bati na kofia bila skrubu wala usafiri. Kisichokuwepo kiandikwe kuwa hakipo. Mstari mtupu tutausoma kama kitu kilichomo ndani ya bei.

---

Ujumbe wa simu kwa ofisi ya mauzo, siku hiyohiyo

Habari za mchana ndugu yangu. Ni Rehema wa mradi wa Kihonda, Morogoro. Nimewatumia tena barua pepe ya kotesheni ya bati za msauzi geji 28, maruni, mita 4.70 (76 kwa upana wa mm 686). Haina kiambatisho, itafunguka hata kwenye simu. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa hii tarehe 23, saa 10:00 jioni. Jumatatu tunatoa oda. Kama hamtaweza safari hii, nijibu "hapana" tu, hakuna ubaya. Asante sana.