Bibi, ule unga mweupe si unga unaoufikiria

Shikamoo Bibi.

Nimemwomba Zuhura akusomee ujumbe huu polepole, na ukisema "rudia", arudie. Jana kwenye simu ulilia, nami nikashindwa kupanga maneno. Leo nimekaa chini nikayapanga.

Najua kilichokutisha. Ulifungua begi langu utoe nguo za kufua, ukakuta kopo la unga mweupe usio na harufu. Hapo kwetu Tanga neno "unga" lina kidonda chake. Umewaona vijana wa mtaa ule walivyoisha, umekwenda kwenye mazishi yao. Ningekuwa wewe ningelia pia. Lakini ule haulevi, Bibi. Siku nikikosa kuunywa sitetemeki wala siutafuti. Unaitwa kreatini, na wewe umekuwa ukitupikia kwa miaka yote bila kulijua jina lake.

Ile supu ya nyama unayoichemsha alfajiri ya Idi, kreatini imo humo. Mkemia mmoja Mfaransa, Chevreul, aliipata mwaka 1832 kwenye mchuzi wa nyama. Imo kwenye nyama, imo kwenye samaki. Mwili wako wenyewe unaitengeneza pia, kama gramu moja kila siku, kwenye ini na figo. Hata sasa hivi unaponisikiliza, iko mwilini mwako, na karibu yote imekaa kwenye misuli.

Kazi yake ni hii. Unapika wali kwa mkaa. Gunia liko stoo, uani, lakini kando ya jiko umeweka kikopo chenye vipande vichache. Moto ukilegea ghafla na sufuria bado inataka kuchemka, huendi stoo. Unachota kikoponi, unatia, moto unarudi. Ukipata nafasi ndipo unakwenda kukijaza tena. Mwili nao una gunia lake, yaani wali, ugali na mafuta tunayokula. Gunia lina nguvu nyingi, ila kufika huko kunachukua muda. Kreatini ndiyo inayoweka kile kikopo cha karibu. Unapoinua ndoo ya maji kutoka chini, au mimi ninapoinua chuma mazoezini, zile sekunde chache za mwanzo, kama kumi hivi, misuli inachota hapo. Kijiko ninachokunywa kinafanya kikopo kijae zaidi, nami naweza kuinua mara moja au mbili zaidi kabla mikono haijaishiwa. Ndiyo faida yake. Nikilala tu kitandani sioti misuli, kama mkaa usivyoivisha wali pasipo mpishi.

Ukauliza, kwa nini nisile samaki tu? Kilo nzima ya samaki au nyama mbichi ina kama gramu 4 au 5, na nyingine hupotea motoni. Ninachokunywa ni gramu 3 hadi 5 kwa siku, kijiko kidogo cha chai kisichojaa kilima. Ili niipate kwa chakula ningekula kilo ya changu kila siku, na bei ya changu unaijua kuliko mimi.

Zuhura ameniambia unahofia pia kama ni halali. Swali zuri, nami nililiuliza kabla ya kununua. Unga huu hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, hakuna mnyama anayechinjwa. Penye shaka ni vidonge vyenye ganda, maana ganda lile huweza kuwa jelatini ya mnyama usiyemjua. Ndiyo maana nikachukua unga mtupu.

Sasa tufike kwenye figo, maana najua hapo ndipo machozi yalipotoka. Babu alikwenda kwa figo, na wewe ndiye uliyemuuguza. Sitakwambia "usiwe na wasiwasi" kisha ninyamaze.

Jiko likiwaka, majivu yanadondoka chini kupitia vitobo. Kreatini nayo ikitumika huacha majivu yake, yanaitwa kreatinini, na figo ndiyo vitobo vinavyoyapitisha yatoke na mkojo. Hospitali wanapopima figo huangalia majivu hayo kwenye damu. Yakiwa mengi, wanahofia vitobo vimeziba, kama vya Babu vilivyoziba. Lakini wewe mpishi unajua majivu huongezeka pia kwa sababu nyingine: umetia mkaa zaidi. Anayekunywa kreatini kipimo chake kinaweza kupanda kidogo na vitobo viko salama. Hapo ndipo hofu nyingi ya watu ilipoanzia. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, anayekunywa kiasi hiki, watafiti wameichunguza kwa miaka mingi na hawakuona ikiharibu figo.

Nimesema figo nzima, Bibi. Kwa sababu ya Babu, nilikwenda kupima kwanza, kabla sijafungua kopo. Damu, mkojo, na sukari. Daktari nilimweleza habari za Babu zote, akaniambia figo zangu ni nzima, na kila nikipimwa niseme kwamba natumia kreatini ili wasiyasome majivu vibaya. Mwakani nitapima tena.

Mjomba asiiguse. Tafadhali mwambie hivyo hivyo kwa jina langu. Ana sukari na presha, na figo zake zimeshaanza kulalamika. Mtu wa namna hiyo haanzi kitu kama hiki kwa kumsikia mpwa wake, anaanza kwa daktari. Na wale wadogo wanaosoma sekondari nao wasichote. Wao wale, wacheze mpira, walale.

Umesema nimenenepa uso. Ni kweli nimeongezeka kilo moja na nusu. Sehemu ni maji: misuli inavuta maji kama maharage uliyoyaloweka usiku, asubuhi yamejaa. Nikiacha, yatapungua. Ukizidisha kwa pupa, tumbo linavuruga na unaweza kuharisha, kwa hiyo mimi sizidishi. Wako wanaoanza kwa gramu 20 kwa siku wiki ya kwanza ili wajaze haraka. Sikuona haja. Kijiko kimoja kila siku kinakijaza kikopo kwa wiki tatu au nne, na mimi sina haraka.

Wala si zile sindano za homoni ulizosikia zinaharibu vijana. Hizo ni jambo jingine kabisa, na zimepigwa marufuku michezoni. Kreatini haimo kwenye orodha ya marufuku ya shirika la dunia linalosimamia mambo hayo.

Ninachokiogopa mimi mwenyewe ni unga wa kuokota. Kuna watu wanauza makopo yaliyofunguliwa, au yaliyochanganywa na mengine yasiyoandikwa. Hapo hofu yako ina haki yote. Langu nilinunua likiwa na lakiri yake, limeandikwa kitu kimoja tu ndani, kreatini monohaidreti, na alama ya maabara iliyolipima. Mtu akinipa kijiko chake mazoezini, nakataa.

Ijumaa nakuja. Nitaleta kopo pamoja na karatasi za vipimo, Zuhura akusomee namba zote. Kopo likae kwenye kabati lako la vyombo, ufunguo ubaki kwako, na kijiko unipimie wewe siku zote nitakazokuwa nyumbani. Ukiona bado moyo haukubali, twende wote kwa daktari Jumatatu, umuulize unachotaka mimi nikiwa nje ya mlango.

Na ile begi, Bibi, sina kinyongo. Endelea kufungua.

Mjukuu wako,
Hamisi