Kilemba cha Fundi

Shaame alifukuzwa Jumatano, saa nne asubuhi, pini mbili zikiwa bado mdomoni. Fundi hakugomba. Aliinua mto wa kiti cha cherahani, akatoa karatasi za mfuko wa saruji zilizokunjwa, akazitandaza mojamoja juu ya meza ya kukatia: bega, mkono, kikwapa, kifua. Kanzu nzima.

"Hizi kakufundisha nani?"

"Nimekuangalia tu ukikata, fundi."

"Basi kuangalia kumekwisha. Chukua kilicho chako, uende kwenu."

Kila aliyepita baraza ile, pale Chake Chake, anaujua utaratibu wake. Mwaka wa kwanza unafagia, unatia mkaa pasi, unabandika vifungo, unapinda mapindo. Wa pili unashona. Kukata ndiko kwenye riziki, na mkasi mkubwa huushiki mpaka yeye mwenyewe akupe. Wapo waliokaa miaka minne wakatoka wanajua kushona kila kitu, ila lazima kwanza mtu mwengine awakatie. Ubahili wa fedha nauelewa, lakini wa mkasi haunielei.

Januari ile, skuli zilipokaribia kufunguliwa, Shaame alishona sare kutwa, na usiku akirejea nazo kwao kutia vifungo. Akiuliza kama atapata chochote, jawabu lilikuwa moja: "Nitakuangalia." Alikuwa na daftari la mazoezi, na kila jioni akiandika: mashati 6, suruali 2. Jumla ilifika mashati 64 na suruali 31. Siku ya kufukuzwa alitaka shilingi elfu moja tu kwa kila nguo. Fundi akacheka, akarudi kwenye kazi yake.

Ijumaa, baada ya sala, mama yake alikwenda pamoja na ami yake. Fundi aliwakaribisha vizuri, akaagiza kahawa.

"Bibi, kijana wako kasoma kwangu karibu miaka miwili," alisema. "Umeme wangu, uzi wangu, sindano anazovunja zangu. Angekwenda kituo cha amali Vitongoji mngelipa. Mimi nimewadai?"

"Hukutudai, fundi. Lakini kazi kafanya."

"Hiyo kazi ndiyo ada. Na kama tumefikia kudaiana, kilemba changu kiko wapi?"

Ami, aliyekuwa hajasema kitu tangu salamu, aliweka kikombe chini. "Kilemba si anatoa aliyehitimu?"

"Ndiyo."

"Kijana wetu kahitimu?"

Hapo fundi alinyamaza. Akisema ndiyo, basi ana fundi mwenzake wa kumtangaza mbele za watu, na kwa nini kamfukuza. Akisema hapana, kilemba hana. Alishika tepu iliyoning'inia shingoni, akaizungusha kidoleni.

"Basi tusidaiane," akasema.

"Na daftari?" mama akauliza.

"Kaandika mwenyewe. Mimi mkono wangu haumo."

Walikwenda kwa sheha. Sheha alilifunua daftari ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa. Sheria ya Ajira ipo tangu 2005, akawaambia, na afisi ya kazi ipo, lakini huko wataulizwa walipatana nini na nani alishuhudia. Mama alimkabidhi mtoto kwa mdomo, barazani, kwa salamu na sinia ya mkate wa kumimina. Sheha aliahidi kuzungumza na fundi. Sijui kama alizungumza, fedha haikuja.

Karatasi zile fundi alizitia kwenye pasi ya mkaa. Shaame alikata upya kwa kukumbuka, kwenye kitambaa cha amerikani alichonunua mama, akashona kwa cherahani ya kanyagio ya shangazi yake. Kanzu ya kwanza ilikuwa ya ami. Mabega yalikaa sawasawa, shingo nzuri, ila kikwapa kilibana: ami alipotaka kuhirimia sala, mikono iligoma kufika masikioni. Alisali hivyo hivyo, kisha akaivua akamrejeshea bila ya neno. Shaame akafumua, akaongeza kikwapa vidole viwili.

Shaabani ilipoingia, alikuja mtu kutoka Wawi na kanzu mkobani, nusu imeshonwa. Kaichukua kwa fundi, alisema, kachoka na njoo kesho. Shaame aliigeuza ndani nje, akakagua mshono wa ubavu, akachukua tepu kumpima upya.

"Lini?"

"Alkhamisi. Unalipa nusu sasa, nusu ukija kuichukua."

"Kwa fundi tulikuwa hatutangulizi."

"Najua," Shaame akasema, akafungua daftari ukurasa mpya. "Tia na saini yako hapa."