Vikaratasi vya mlango wa jikoni

Jumatatu, saa 2 asubuhi

Zuhura,
Nimetoka naiti, wodi ilijaa usiku kucha sijakaa hata kidogo, nafika home nataka nioge nilale nakuta simtanki limepigwa kufuli. Kufuli kabisa! Simtanki tulilochangia nusu kwa nusu. Kama unaona namaliza maji si ungeniambia tu. Nimenunua madumu mawili kwa kijana wa toroli nimeoga, sasa nalala, na simu nazima.
Neema

Jumatatu usiku

Neema,
Leo ni Zuhura tupu, hata dada hamna. Haya. Maelezo yote nilikuandikia jana usiku na funguo nikakuachia, kama hukutaka kusoma mimi nifanyeje.
Z.

Jumanne asubuhi

Funguo gani na maelezo gani? Mlangoni hapakuwa na kitu, nimeangalia. Na kama tumeanza kufungiana vitu basi tujue moja, LUKU iliyopo nilinunua mimi ya elfu kumi, na jiko la umeme linalochemsha maharage kila siku sio langu.
N.

Jumanne usiku

Maharage hayo tunakula wote, na la leo bakuli lako liko kwenye hotipoti, kula. Funguo iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, pale pale nilipoandika. Ila swali langu la Jumapili bado hujajibu, wale mafundi wa kiwanja cha jirani ni wewe uliwaruhusu?

Jumatano asubuhi

Dada Zuhura,
Funguo nimeiona. Maharage nimekula, asante. Lakini mafundi wapi tena? Mimi mchana nimelala, pazia chini, feni inaunguruma, hata mtu akivunja ukuta sisikii. Niandikie yote tangu mwanzo maana kuna kitu kimenipita hapa.

Jumatano usiku

Neema mdogo wangu,
Iko hivi. Jumamosi niliwahi kurudi kutoka Mtumba, nikakuta vijana wawili na ndoo kwenye koki yetu ya nyuma wanachota maji ya kuchanganyia zege, yaani bila wasiwasi wowote, nikawauliza wakasema dada wa humu ndani katuruhusu. Dada wa humu ni nani zaidi yako? Simtanki la lita 1,000 lilikuwa limebaki robo na maji ya mgao hayatoki mpaka Ijumaa, nikaumia kweli, nikajua umewapa bila kuniambia. Jumapili nikanunua kufuli kwa ajili yao, sio kwa ajili yako, nikakuandikia karatasi ndefu kukuuliza na kukuelekeza funguo ilipo, nikaibandika na selotepu hapa hapa saa 4 usiku. Ulivyoandika kwa hasira nikaona umeisoma na unakwepa swali. Ndo maana na mimi nikajibu mkato.

Alhamisi, saa 4 asubuhi

Dada Zuhura shikamoo,
Karatasi imeonekana!! Ilikuwa nyuma ya mtungi wa gesi, selotepu imejaa vumbi jekundu haishiki hata kucha, na huu upepo wa Agosti unaingia dirisha la jikoni moja kwa moja. Nimeisoma nimesimama hapo hapo, ulivyoandika "pole na naiti, usikasirike kuona kufuli" nimejisikia vibaya sana dada.

Sijalala bado. Nimeenda kwa mafundi. Msimamizi wao kaita wale vijana, wamesema waliyemuomba ni dada aliyekuwa anaanika nguo uani kwetu. Ni yule binti wa kazi wa nyumba ya mbele, anatumiaga kamba yetu, kaulizwa akaitikia tu. Hana kosa, ni mtoto yule, usimseme. Msimamizi ni mtu muungwana, kasema boza lao likija kesho watatujazia simtanki letu kwanza. Nimemwambia tunasubiri.

Na ile ya LUKU niliandika kwa hasira, pikia tu.

Alhamisi usiku

Marahaba mdogo wangu,
Yameisha. Binti sintomsema, nitaongea na mama mwenye nyumba yake wajue tu. Nimepita Sabasaba nimechonga funguo ya pili, yako hiyo kwenye meza, usiitundike popote kaa nayo. Nimenunua na misumari midogo ya mbao, karatasi zinapigwa msumari kuanzia leo, selotepu basi. LUKU nimeongeza ya elfu tano.

Jumamosi uko ofu? Nina mlenda mkavu wa nyumbani Kondoa, ila ugali usonge wewe, wa kwangu una mabonge, kila ukiuona unaguna.
Dada Z.

Ijumaa asubuhi

Niko ofu. Boza limekuja saa 3, simtanki limejaa mpaka juu, kufuli nimefunga mwenyewe. Unga wa uwele upo?
N.