Mama, pesa haijapotea

Shikamoo mama. Zuhura, msomee mama polepole, usiruke hata neno.

Mama, najua toka Jumatano simu iko mkononi. Jana umenipigia mara nne sijapokea. Nilikuwa juu ya jengo, na simu tunaziacha chini kwa msimamizi. Usidhani nakukwepa. Pesa nimetuma kweli, riyali 50, laki tatu na kitu huko kwetu. Picha ya risiti anayo Zuhura, akuoneshe.

Kosa ni langu. Kwenye fomu niliandika jina lako na namba yako, nikasahau kuwa laini hiyo ilisajiliwa kwa kidole cha Zuhura, wakati ule namba yako ya NIDA ilipochelewa. Jina la mpokeaji likawa jingine, mwenye laini mwingine, basi ikagoma. Kwangu imetoka, kwako haijaingia. Nilibishana sana pale dirishani, nikamwambia hawa ni mtu na mama yake, wanalala nyumba moja hapo Newala. Yule kijana akacheka, akasema kompyuta haijui nyumba.

Nimeshaandika fomu ya kusahihisha jina, Alhamisi jioni. Ila huku Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, wanaoshughulikia hayo hawapo. Kesho Jumapili wao wanafungua, huko benki zimefungwa. Kwa hiyo tuhesabu Jumatatu, ikichelewa sana Jumanne. Itaingia kwa jina la Zuhura, msishtuke.

Najua mikorosho haisubiri. Maua yameshatoka, ubwiri unga ukiwahi ndiyo basi tena. Salfa umeshapata, kilichobaki ni petroli ya mashine na ujira wa vijana. Naomba uongee na mjomba atukopeshe elfu hamsini tu, waanze alfajiri ya kesho umande ukiwepo, ile mikorosho ya bondeni kwanza. Nimempigia hapatikani, pengine yuko shamba. Mwambie deni ni langu, si lako. Na wale vijana walipwe wakimaliza, si kabla. Mwaka jana unakumbuka walivyotuachia nusu shamba.

Jambo jingine mama, hili nisikilize vizuri. Mtu akikupigia akasema pesa yako imekwama, mtajie namba ya siri aifungue, au umtumie kidogo ya kuitolea, kata simu. Hata akijua jina langu. Pesa hii haifunguliwi na mtu yeyote huko, inafunguliwa huku.

Na shangazi anayesema nimeoa Mwarabu nimewasahau, mwambie namsalimia.

Presha umepima? Dawa zikiisha kabla ya Jumatatu niambie leo leo, nimwombe rafiki yangu wa Masasi akutumie za kwanza. Kesho nitapiga baada ya magharibi. Huku tuko mbele saa moja, msilale mapema.