Wanangu, kuhusu wosia wangu

Baraka, Neema na Tumaini,

Nawaandikia nyie watatu barua moja, maneno yaleyale, ili asije mtu akasema mwenzake kaambiwa kingine. Wosia nimeshasaini kwa wakili, mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote, na daktari kaandika kwamba akili zangu ziko timamu, kwahiyo msije mkasema mama alirubuniwa. Neema siku hiyo nilimtuma mbali makusudi, hakujua kitu.

Nyumba ni ya Neema. Hela za benki nimezigawa mafungu matatu, mawili ya Tumaini, moja la Baraka.

Baraka mwanangu najua hapa umeshika kichwa, wewe ndo kifungua mimba wangu. Nakumbuka jioni ile umekaa jikoni unazungusha kikombe mezani huongei, ndo nikajua biashara imekwama. Mimi na marehemu baba yako tukauza kiwanja, hela yote ukachukua wewe, wenzako hawakupata hata senti. Sikudai na sitakudai. Ila kwenye hesabu zangu kile kiwanja kilikuwa urithi wako, ulipewa mapema tu, ukijumlisha na fungu hili utaona hujapunjwa.

Neema aliacha kazi nilipopooza, saivi ni miaka 6. Nyie mlituma hela kila mwezi na nashukuru sana jamani, lakini hela haijui kunigeuza saa nane usiku nisipate vidonda. Alikuwa anaweka simu chini ya mto wake ili alamu isiniamshe, anadhani sijui, na mimi nilikuwa macho nimefumba tu nisimtie huruma. Mshahara wa miaka yote hiyo umeenda, pensheni imekatika, na yule mchumba alichoka kusubiri. Nyumba hailipi hata nusu yake. Tena ukweli ni kwamba hana pengine pa kwenda, nyie wawili mna kwenu.

Tumaini baba, fungu lako ni kubwa kwa sababu dawa zako ni za maisha. Ila hupewi lote mkononi, wakili ndo mdhamini, atakuwa anakutolea kila mwezi na za hospitali pembeni. Usione nimekudharau, ni wewe mwenyewe uliniambia hali ikikushika unagawa hela mpaka ya nauli.

Nilifikiria kugawa sawasawa yaishe, nikalala nayo wiki nzima, nikaona ntakuwa nakimbia lawama tu huku namwacha Neema barabarani na dada yenu hawezi kujisemea, mnamjua.

Mwenye hasira aje anigombeze mimi, nikiwa hai, jumapili nipo siku nzima. Asimpigie Neema. Na Baraka, njoo hata kama hutaki kuongea, kikombe chako bado kipo.

Mama yenu